Vichwa vya 'Kutuhusu' na 'Mawasiliano' vinavyopuuzwa katika tovuti za kampuni ndogo

MTEJA anayeagiza kabati la mvule kwa fundi ambaye hajawahi kumtembelea huombwa arubuni kabla mbao hazijakatwa. Kabla ya kutuma fedha hizo kwa M-Pesa, wengi siku hizi hufanya jambo moja: huandika jina la kampuni katika Google, wakitazama kama kweli ipo, iko wapi na simu yake ni ipi. Hatafuti samani tena mteja huyo. Samani amekwisha kuzichagua. Anachotafuta ni hakikisho kwamba anayemlipa ndiye.

Majibu anayopata huwa na sura inayojulikana. Juu kabisa hutokea ukurasa wa kwanza wa tovuti, na chini yake, mara nyingi, viungo viwili au vitatu vifupi vinavyoelekeza kwenye kurasa za ndani. Kwa kampuni kubwa viungo hivyo huwa vya bidhaa na huduma. Kwa kampuni ndogo yenye kurasa tano au sita, aghalabu huwa ni ule ukurasa unaoeleza kampuni ni ya nani na ule wa mawasiliano. Basi kurasa mbili ambazo mwenye tovuti alizitayarisha mwisho, akiwa amechoka, ndizo zinazosimama mbele ya mteja saa anapoamua kulipa au kuahirisha.

Na hapo ndipo husomeka maneno kama "About", "Contact" au "Page 2", pengine yakifuatwa na jina lisilo la kampuni hiyo hata kidogo.

Kichwa kinachozungumziwa

Kila ukurasa wa tovuti una vichwa viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kimoja ni kile kinachosomwa ndani ya ukurasa wenyewe, kwa herufi kubwa, juu ya maelezo. Cha pili hakionekani ndani ya ukurasa. Huandikwa katika sehemu ya juu ya msimbo wake, namna hii:

```
<title>About</title>
```

Hicho cha pili ndicho kinachoonyeshwa katika ukingo wa juu wa kivinjari, katika orodha ya kurasa ambazo mtu amezuru, na katika alamisho anazohifadhi. Muhimu zaidi, ndicho Google inachokitazama kwanza inapotunga ule mstari wa kubofya katika majibu ya utafutaji. Aidha, mtu anapomtumia mwenzake kiungo kwa WhatsApp, maneno yanayojitokeza chini ya picha ndogo hutokana na kichwa hicho, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji ameweka kingine maalumu kwa ajili ya mitandao, kiitwacho `og:title`.

Kwa sababu hakionekani ndani ya ukurasa, mwenye kampuni anaweza kukaa miaka minne bila kujua kimeandikwaje. Yeye huifungua tovuti yake kwa kuandika anwani moja kwa moja, akasoma ukurasa wa kwanza, akaridhika. Mtengenezaji naye alikwisha kulipwa na kwenda zake.

Chimbuko la kasoro

Kasoro nyingi hazitokani na uamuzi wa mtu yeyote. Hutokana na kiolezo. Mtengenezaji wa tovuti hununua au kupakua kiolezo kilichokwisha kupangwa, chenye kurasa ziitwazo "Home", "About", "Services" na "Contact", kisha hubadilisha picha na maelezo. Majina ya kurasa huyaacha yalivyo, kwani yanaonekana kuwa yanafaa. Katika WordPress, ambayo hutumiwa na tovuti nyingi ndogo, kichwa cha ukurasa wa ndani hutungwa kwa kuunganisha jina la ukurasa na jina la tovuti, kukiwa na kistari katikati. Jina la tovuti hujazwa mahali pamoja tu, chini ya `Settings`, kisha `General`, katika nafasi ya `Site Title`. Lisipojazwa ipasavyo hapo, kosa hilo moja hujirudia katika kila ukurasa.

Lipo kosa jingine baya kuliko hilo. Mtengenezaji anayehudumia wateja kumi huwa na mazoea ya kunakili tovuti ya mteja mmoja ili aanzie hapo kumtengenezea mwingine. Nembo hubadilika, rangi hubadilika, lakini kichwa cha ukurasa wa mawasiliano hubaki na jina la yule mteja wa awali. Duka la samani likajikuta limetajwa kwa jina la shule ya chekechea. Mteja anayetafuta hakikisho kabla ya kutuma arubuni, akiona jina moja katika tovuti na jingine katika majibu ya utafutaji, hana sababu ya kudhani kuwa ni uzembe wa fundi wa tovuti. Atadhani ni matapeli.

Hali kadhalika zipo tovuti ambazo kurasa zake zote zina kichwa kimoja, kwa kawaida jina la kampuni pamoja na msururu wa bidhaa. Hapa mtengenezaji aliamini kwamba kurudia maneno "sofa, vitanda, makabati, bei nafuu" kila mahali kutaiinua tovuti. Matokeo yake ni kwamba ukurasa wa mawasiliano hautofautiani na ule wa vitanda, na mtambo wa utafutaji hulazimika kujitafutia neno la kuupa.

Mfano wa duka la samani

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya samani jijini Nakuru, tuipe jina la Baraka Samani. Jina hilo limechaguliwa kwa makusudi, kwani Baraka ni jina la maduka, zahanati, shule na matatu katika kila kona ya nchi. Anayeandika "baraka" peke yake katika Google hatapata karakana hii. Wateja wake huandika "baraka samani nakuru", au "baraka samani contacts", au jina pamoja na neno "number". Tovuti imeandikwa kwa Kiswahili. Vichwa vyake vya sasa ni hivi:

```
<title>About – Furniture Store</title>
<title>Contact – Furniture Store</title>
```

"Furniture Store" lilikuwa jina la kiolezo. Jina la kampuni halimo katika kichwa chochote kati ya hivyo viwili, mji haumo, na lugha yake si lugha ya ukurasa. Katika mwongozo wake kwa wenye tovuti, Google imeeleza kuwa kichwa kisicholingana kwa lugha au hati na maandishi makuu ya ukurasa ni mojawapo ya sababu zinazoweza kuifanya itunge kichwa kingine. Kwa hiyo huenda ikakitupa kichwa hiki na kuchukua maneno mengine yaliyomo ndani ya ukurasa. Ikiwa ndani, kwa herufi kubwa, mmeandikwa "Karibu sana mteja wetu mpendwa", basi huenda hayo ndiyo yakawa kichwa.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kila ukurasa unajibu swali gani la mtu ambaye tayari analijua jina la kampuni. Ukurasa wa mawasiliano hujibu maswali mawili: mko wapi, na nipige simu ipi. Ule wa kueleza kampuni hujibu: ninyi ni nani, mnafanya nini, mmekuwapo tangu lini. Maswali hayo ndiyo yanayopaswa kuonekana katika vichwa, kwa maneno machache iwezekanavyo:

```
<title>Kuhusu Baraka Samani: Mafundi wa Samani Nakuru Tangu 2009</title>
<title>Wasiliana na Baraka Samani, Nakuru: Simu na Ramani</title>
```

Cha kwanza kina herufi 57, tukihesabu nafasi zilizo kati ya maneno, na cha pili kina 50. Google haina kikomo cha urefu wa kichwa. Kinachotokea ni kwamba mstari hukatwa unapofika ukingo wa nafasi yake, na nafasi hiyo hupimwa kwa upana wa kioo, si kwa idadi ya herufi. Ndiyo maana kichwa chenye herufi nene kama M na W hukatwa mapema kuliko chenye herufi nyembamba. Kichwa kisichopita herufi 60 hivi kwa kawaida husalimika. Hata hivyo, katika vile viungo vidogo vilivyo chini ya ukurasa wa kwanza nafasi ni finyu zaidi, na huenda yakaonekana maneno matatu au manne tu. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na "Wasiliana na Baraka Samani" na kuacha "Simu na Ramani" mwishoni. Yakikatwa ya mwisho, yaliyosalia bado yana maana. Angeanza na "Karibu uwasiliane na kampuni bora ya samani", mkato ungekula jina lenyewe.

Mji umetajwa kwa sababu ya jina. Kampuni yenye jina la kipekee, ambalo hakuna mwingine analo, inaweza kuuacha mji bila hasara. Kwa jina kama Baraka, "Nakuru" ndilo neno linalomwambia mteja kwamba hajapotea. Mwaka 2009 nao una kazi yake: unamwonyesha mtu mwenye shaka kwamba karakana hii haikufunguliwa juzi. Mwaka wa kuanzishwa haubadiliki, hivyo hauzeeki. Ni tofauti na maneno kama "Bei za 2023", ambayo yakisahaulika hapo hugeuka ushahidi kwamba hakuna anayeitunza tovuti.

Maneno "bora", "nambari moja" na "bei nafuu" yameachwa nje. Aliyeandika jina la kampuni haitaji kushawishiwa kwa sifa, na sifa hizo humezea nafasi mji na simu.

Ipo hoja ya lugha pia. Wafanyabiashara wengi nchini huandika tovuti zao kwa Kiingereza, na hakuna ubaya wowote. Katika hali hiyo kichwa nacho kiwe cha Kiingereza, kwa maneno yale yale ya jina, mji na jambo linalopatikana. Kinachodhuru ni mchanganyiko usiokusudiwa, ambapo kiolezo kinasema Kiingereza na ukurasa unasema Kiswahili. Mteja akiandika "contacts" katika utafutaji wake hatakosa ukurasa wa Kiswahili kwa sababu hiyo, maadamu jina la kampuni limo, kwa kuwa jina ndilo linalobeba uzito mkubwa katika utafutaji wa namna hii.

Je, nambari ya simu iwekwe ndani ya kichwa? Wapo wanaofanya hivyo, na wazo lenyewe lina mvuto, kwani mteja angeisoma bila kubofya chochote. Lakini nambari ya simu hula herufi kumi au zaidi, na laini hubadilika. Siku laini itakapobadilishwa, nakala ya zamani ya kichwa inaweza kuendelea kuonekana kwa siku kadhaa au wiki, na katika muda huo wateja watakuwa wakipiga nambari ambayo huenda imekwisha kupewa mtu mwingine. Katika biashara ya arubuni hilo si jambo dogo. Mahali pazuri pa nambari ni ndani ya ukurasa, kwa maandishi ya kawaida.

Jambo hilo la maandishi ya kawaida linahitaji kusemwa zaidi kidogo, maana kurasa nyingi za mawasiliano hazina maandishi yoyote. Zina fomu, ramani na picha ambayo ndani yake mmechorwa nambari za simu. Chini ya kichwa katika majibu ya utafutaji huwa na mistari miwili ya maelezo, na Google huyapata maelezo hayo ama katika maandishi ya ukurasa ama katika lebo iitwayo `description`. Ukurasa usio na maandishi huipa Google maneno ya fomu, na mteja husoma "Jina lako, barua pepe yako, tuma ujumbe". Sentensi mbili zinazotaja mtaa, jengo, saa za kazi na simu zinatosha kuondoa aibu hiyo.

Kuhusu jina lenyewe, ipo tofauti ambayo huwatatiza wengi. Jina la kibiashara lililo juu ya mlango huenda si lile lililosajiliwa, na anayelipa kwa M-Pesa huonyeshwa jina lililosajiliwa kwa nambari ile ya malipo. Kichwa kichukue jina la kibiashara, kwa kuwa ndilo linalotafutwa. Lile la usajili liandikwe wazi ndani ya ukurasa wa kueleza kampuni, katika sentensi moja, ili mteja anayeona jina asilolitarajia kwenye simu yake apate pa kulithibitisha.

Namna ya kubadilisha

Katika WordPress, kurekebisha `Site Title` huondoa "Furniture Store" katika kurasa zote kwa mara moja, na kwa wengi hatua hiyo peke yake ni nusu ya kazi. Baada ya hapo vichwa vitasomeka "About – Baraka Samani" na "Contact – Baraka Samani". Si vibaya. Mwenye shughuli nyingi anaweza kukomea hapo.

Anayetaka kufika kwenye vile vichwa virefu zaidi hana budi kujihadhari na jambo moja. Akibadilisha jina la ukurasa wenyewe, kichwa kinachoonekana ndani hubadilika pia, na huenda menyu ikabadilika vilevile, ikajaa sentensi ndefu pale palipokuwa na neno moja. Njia salama ni kutumia programu ya nyongeza kama Yoast SEO, ambayo huweka nafasi ya pekee iitwayo `SEO title` chini ya kila ukurasa. Kinachoandikwa hapo huingia katika msimbo pekee. Katika menyu neno fupi hubaki, na ndani ya ukurasa kichwa kinachoonekana huwa kile mwandishi alichokichagua.

Hata hivyo vichwa hivyo viwili visitofautiane mno. Kama msimbo unasema "Wasiliana na Baraka Samani, Nakuru" na herufi kubwa za ndani zinasema "Tuzungumze!", Google ina mawili ya kuchagua, na si lazima ichague lile linalopendeza. Ndani yaandikwe "Wasiliana na Baraka Samani", na mvutano huo huisha.

Kampuni yenye matawi mawili, tuseme Nakuru na Naivasha, huwa na shaka kama iweke ukurasa mmoja wa mawasiliano au miwili. Ikiwa kila tawi lina simu yake na mlango wake, kurasa mbili ni bora, kila mmoja ukiwa na mji wake katika kichwa. Kichwa kimoja kinachotaja miji yote huwa kirefu, na mji wa pili ndio unaokatwa.

Mamlaka ya Google

Mwenye tovuti huandika kichwa, lakini anayeamua kitakachoonyeshwa ni Google. Mnamo Agosti 2021 kampuni hiyo ilibadilisha mfumo wake wa kutunga vichwa, na malalamiko yalikuwa mengi kutoka kwa wenye tovuti walioona maneno yao yakibadilishwa. Mwezi uliofuata ilieleza kwamba baada ya marekebisho, kichwa kilichoandikwa katika msimbo kilikuwa kikitumika kwa takriban asilimia 87 ya wakati. Sehemu iliyosalia hutungwa kutokana na herufi kubwa za ndani ya ukurasa, `og:title`, maneno mengine yanayojitokeza, au maneno ya viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa huo.

Chanzo hicho cha mwisho ndicho kinachowashangaza wengi. Menyu huwa juu ya kila ukurasa wa tovuti, na kila mahali imeandika "Contact". Kwa hiyo Google inaona viungo vingi vinavyouita ukurasa huo "Contact", na kichwa kimoja tu kinachouita vinginevyo. Si ajabu basi kwamba, baada ya kichwa kurekebishwa, jibu kuu la utafutaji hubadilika ilhali kile kiungo kidogo chini ya ukurasa wa kwanza hubaki na neno la menyu. Dawa yake ni kuibadilisha menyu pia, angalau isomeke "Mawasiliano" kama lugha ya tovuti ni Kiswahili. Menyu isigeuzwe sentensi. Neno moja sahihi latosha.

Kuhusu viungo hivyo vidogo, mwenye tovuti hawezi kuviagiza. Mtambo ndio unaovichagua. Hapo zamani palikuwa na chombo cha kuiomba Google ishushe kiungo kisichotakiwa, lakini kiliondolewa mwaka 2016. Iliyobaki ni njia ya nguvu, yaani kuweka agizo la `noindex` ili ukurasa usionyeshwe kabisa. Kwa ukurasa wa mawasiliano hiyo ni sawa na kung'oa kibao cha duka kwa sababu rangi imechujuka.

Tangu Oktoba 2022, kwanza katika simu na baadaye katika kompyuta, Google huonyesha jina la tovuti katika mstari wake wa pekee juu ya kichwa. Baadhi ya watengenezaji walikimbilia kusema kuwa hakuna haja tena ya kutaja jina la kampuni ndani ya kichwa. Ushauri huo unafaa kwa makala na kurasa za bidhaa zenye vichwa virefu. Kwa kurasa hizi mbili haufai, kwa sababu jina ndilo kiini cha habari yenyewe. "Kuhusu" bila jina haielezi kinachohusika. Isitoshe, kichwa husafiri hadi kwenye WhatsApp na kwenye alamisho, mahali ambapo mstari ule wa Google haupo. Jambo la kuepuka ni kulitaja jina mara mbili katika kichwa kimoja, kama "Kuhusu Baraka Samani – Baraka Samani". Hilo hutokea pale programu inapoongeza jina kwa hiari yake juu ya lile lililokwisha kuandikwa, na ni rahisi kulikosa kwa kuwa halionekani hadi ukurasa uhifadhiwe.

Namna ya kukagua

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji chombo chochote. Mwenye kampuni na aandike jina lake katika Google kwa simu ambayo haijaingia katika akaunti yake, kisha alirudie pamoja na mji, kisha pamoja na neno "contacts". Baadaye aandike `site:` ikifuatwa na anwani ya tovuti yake bila nafasi katikati. Agizo hilo huonyesha kurasa za tovuti hiyo ambazo Google inazijua, ingawa si lazima zote. Majina ya wateja wengine wa mtengenezaji, kurasa za majaribio zilizosahaulika, na vichwa vilivyojirudia hujianika hapo kwa pamoja. Ikumbukwe tu kwamba vichwa vinavyoonekana kwa agizo hilo vinaweza kutofautiana na vile anavyoviona mteja aliyetafuta jina, kwani Google hulinganisha majibu na maneno yaliyoandikwa.

Aliyesajili tovuti yake katika Search Console ana zaidi. Anaweza kuingiza anwani ya ukurasa mmoja na kuomba uzuriwe upya baada ya kubadilisha kichwa. Ombi hilo halina ahadi ya muda; kuna kurasa zinazobadilika baada ya siku mbili na nyingine baada ya wiki kadhaa. Kubadilisha kichwa tena na tena kwa kuwa hakijaonekana siku ya tatu ni kujichanganya bure, maana haitajulikana ni kipi kilichosomwa.

Katika taarifa ya utendaji ya chombo hicho, mtu huchuja maneno yaliyotafutwa yenye jina la kampuni, kisha hutazama ni kurasa zipi zilizoonyeshwa. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba ukurasa wa mawasiliano umeonyeshwa karibu mara nyingi sawa na ule wa kwanza, lakini umebofywa mara chache sana. Takwimu hiyo isiwatie hofu. Ukurasa unaoonekana kama kiungo kidogo huhesabiwa kuwa umeonyeshwa kila mara jina linapotafutwa, hata kama mteja hakuwa na haja nao. Wengine husoma simu katika kile kisanduku cha biashara kilicho kando ya majibu, wakapiga papo hapo. Kisanduku hicho hutokana na wasifu wa biashara ambao mwenye kampuni huusajili kando na tovuti, na kichwa cha ukurasa hakina uwezo juu yake. Nambari ya simu na jina katika pande hizo mbili lazima vifanane, la sivyo yule mteja mwenye shaka amepata sababu nyingine ya kusita.

Kampuni ndogo mno pia itaona kwamba jumla ya maneno yaliyoorodheshwa hailingani na jumla ya mibofyo. Google huyaficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana, kwa ajili ya faragha yao. Duka linalotafutwa mara arobaini kwa mwezi halina takwimu za kutosha kulinganisha kichwa cha zamani na kipya, na anayeahidi kulipimia tofauti hiyo kwa ada anauza hewa. Kipimo cha maana kwake ni kusoma kwa macho kile kinachoonyeshwa.

Wala vichwa hivi haviwezi kumletea mteja asiyelijua jina. Anayeandika "vitanda nakuru" ataonyeshwa kurasa za vitanda, kama zipo, na kuingiza neno "vitanda" katika kichwa cha ukurasa wa mawasiliano hakutausogeza popote penye faida.

Karakana ikihama kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, au tawi likifungwa, vichwa hivi viwili vibadilishwe siku ile ile ambayo kibao kinashushwa, pamoja na wasifu wa biashara na maandishi ya ndani ya ukurasa. Ukurasa wa tawi lililofungwa usiachwe hewani. Uelekezwe kwenye ule wa tawi lililosalia kwa agizo la kudumu, ambalo kwa msimbo hujulikana kama `301`, ili anayeubofya kutoka katika majibu ya zamani afike kwenye simu inayopokewa.